Kujaza fomu ya forodha mtandaoni kwa kifurushi kutoka ng'ambo: maelezo ya bidhaa na thamani yake

Ujumbe huja kwa simu au baruapepe: kifurushi chako kimefika Nairobi, fungua kiungo hiki ujaze maelezo ya forodha ili kitolewe. Wengi huijaza fomu ile wakiwa kwenye matatu, dakika tatu zimekwisha, kisha wiki nzima wanauliza kwa nini mzigo umekwama au kwa nini ushuru umekuwa mkubwa hivyo. Nimekuwa nikiwajazia watu fomu hizi hapa Mombasa kwa miaka kadhaa. Karibu kila balaa niliyoiona ilianzia kwenye visanduku viwili: kile cha kueleza bidhaa na kile cha thamani. Mwongozo huu ni wa mtu aliye Kenya anayepokea kifurushi kwa kampuni ya usafirishaji, na nitakaa zaidi kwenye visanduku hivyo viwili.

Kabla ya kufungua kiungo

Kwanza hakikisha ujumbe ni wa kweli. Matapeli wanajua watu wengi husubiri vifurushi. Usibonyeze kiungo kilichokuja kwa SMS. Chukua nambari ya kifurushi, ile ambayo kwenye skrini huandikwa `Waybill` au `Tracking Number`, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni na uiandike pale. Ikiwa ni ya kweli utaona safari yote ya mzigo wako, ulikotoka na ulipo sasa. Ujumbe usio na nambari yoyote na unaotaka ulipe kwanza, uache.

Kisha tayarisha vitu vitatu. Cha kwanza ni PIN yako ya KRA. Ya mtu binafsi huanza na herufi A, zikafuata tarakimu tisa, ikaisha na herufi nyingine. Ya kampuni huanza na P. Cha pili ni ankara ya muuzaji, yaani invoisi, inayoonyesha jina lake, tarehe, kila bidhaa, idadi, bei na sarafu. Cha tatu ni ushahidi wa malipo: taarifa ya benki au ya kadi inayoonyesha kiasi kilekile kilicho kwenye ankara. Picha ya skrini ya ukurasa wa duka si ankara. Inaonyesha duka linauza kwa bei gani, haionyeshi wewe ulilipa nini.

Kama kifurushi kimetumwa na ndugu, mwombe risiti ya dukani alikonunua. Usingoje mpaka uulizwe, kwa sababu kifurushi kinacholala bohari hutozwa ada ya kuhifadhiwa baada ya siku za bure kwisha.

Jina, anwani na PIN

Hapa pana kosa moja tu la kutazama. Jina la mpokeaji lifanane na jina lililosajiliwa kwenye PIN. Mama mmoja alikuja kwangu mzigo wake umesimama siku sita. Mwanawe aliye Muscat alikuwa ameandika jina la mpokeaji kama wanavyomwita mtaani, yaani mama wa mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, hawa hawana njia ya kujua kwamba ndiye wewe." Ikabidi mtumaji aiandikie kampuni baruapepe kurekebisha jina, na yeye atume nakala ya kitambulisho. Mwambie mtumaji mapema aandike majina yako ya kitambulisho na simu yako inayopatikana.

Kisanduku cha maelezo ya bidhaa

Kwenye skrini huitwa `Description of Goods` au `Item Description`. Anayekisoma ni mtu ambaye hajaufungua mzigo wako na pengine hataufungua. Kutokana na maneno yako anatakiwa achague nambari ya bidhaa, ile inayoitwa `HS Code`, na nambari hiyo ndiyo inayobeba kiwango cha ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina jedwali moja la ushuru wa forodha, na tangu Julai 2022 lina ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Baadhi ya bidhaa zina viwango vyao nje ya ngazi hizo. Maneno yako yakiwa mapana, afisa anaweza kuuliza, na hapo siku zinakwenda, au akachagua mwenyewe, na hana sababu ya kuchagua kile cha chini.

Maneno kama `gift`, `personal effects`, `electronics`, `parts`, `clothes` na `accessories` hayaelezi kitu. Zawadi si bidhaa. Ni sababu ya kutuma, na sababu ina kisanduku chake. Maelezo mazuri hujibu maswali manne: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, ni cha kazi gani au cha nani, na ni kipya au kimetumika. Kwa vifaa vya umeme ongeza jina la kampuni iliyokitengeneza na nambari ya modeli, maana afisa akiitafuta modeli ataiona bei na aina yake papo hapo.

Fomu zenyewe ni za Kiingereza, kwa hiyo unachoandika ndani yake huwa Kiingereza pia. Tazama maelezo ya bidhaa mbili jinsi yanavyopaswa kukaa:

```
Laptop computer, portable, 14 inch, new, lithium battery installed
Men's shirt, 100% cotton, woven, long sleeve, new
```

Kwenye mstari wa kwanza utaongeza jina la kampuni na modeli ya laptopu yako. Mstari huo umetaja betri kwa sababu betri za lithiamu zina masharti yake kwenye ndege, na kuificha kunaweza kuusimamisha mzigo mahali pengine kabisa. Mstari wa pili umesema pamba na umesema kitambaa kilichofumwa, si cha `knitted`, yaani cha nyuzi za vitanzi, kama fulana, kwa kuwa kwenye jedwali shati la namna hii na fulana hukaa sura mbili tofauti: nguo za vitanzi ziko sura ya 61, zile nyingine sura ya 62. Huhitaji kuzijua sura hizo kwa kichwa. Soma kibandiko kilicho ndani ya nguo, kitakuambia imetengenezwa kwa nini.

Kila aina ya bidhaa iwe na mstari wake. Fomu nyingi zina kitufe cha `Add Item`. Kitumie. Mtu mwenye vitu vitano huona uvivu, akaandika kile kikubwa na kuongezea "na vinginevyo". Uvivu huo unagharimu nini, nitaonyesha kwenye mfano huko mbele.

Kisanduku cha `HS Code` ukikikuta, mara nyingi si lazima. Kama ankara ya muuzaji ina nambari, inakili, lakini chukua tarakimu sita za mwanzo tu. Hizo sita ni za dunia nzima, zinazofuata kila nchi au jumuiya huongeza zake. Kama huna, acha wazi. Nambari ya kubahatisha ni mbaya kuliko kisanduku kitupu, maana ikipingana na maelezo yako inazua swali.

Kisanduku cha thamani

Kanuni iliyo kwenye sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Nne, ni nyepesi kuisema: thamani ni bei uliyolipa kweli, au unayotakiwa kulipa, kwa bidhaa hiyo. Si bei ya hapa Kenya. Si bei ambayo ungeiona nafuu. Mengine yote yanatoka hapo.

Ulipewa punguzo? Andika bei baada ya punguzo, mradi punguzo lionekane kwenye ankara na malipo ya benki yalingane nalo. Ankara ikionyesha 450 na benki ikionyesha 400 bila punguzo kutajwa popote, afisa atachukua 450.

Ni zawadi? Bado ina thamani. Wewe hukulipa, lakini aliyekutumia alilipa, na bei hiyo ndiyo ya kuandika. Neno zawadi halifuti ushuru. Vilevile, ule msamaha anaopewa msafiri kwa mzigo anaoshuka nao uwanja wa ndege haukigusi kifurushi ulichonunua dukani ukiwa umeketi nyumbani kwako.

Ni kitu kilichotumika? Andika bei ambayo kingeuzwa leo katika hali hiyo, na useme kwenye maelezo kwamba kimetumika. Weka tangazo moja au mawili ya kuuza kitu kama hicho kilichotumika, yakusaidie ukiulizwa.

Muuzaji amekuletea kingine badala ya kilichoharibika, bila malipo? Hapa watu huandika 0, na mfumo au afisa hukataa. Andika thamani ya kitu chenyewe, kisha ambatisha barua ya muuzaji inayosema ni badala ya kilichoharibika pamoja na ankara ya mwanzo. Kama kuna nafuu yoyote, itaombwa kwa hati hizo. Sifuri haiombi chochote.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona watu wakiumia: usipunguze thamani. Kuna wauzaji wanaojitolea kuandika dola 10 kwa kitu cha dola 200, wakidhani wanakufanyia hisani. Afisa ana tovuti ya duka hilohilo mbele yake. Akiitilia shaka bei yako, sheria inamruhusu kuiweka kando na kutumia thamani ya bidhaa kama hizo zilizoingia karibuni. Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha sheria hiyo, na adhabu yake inafika faini ya dola 10,000 au kifungo cha miaka mitatu. Na kifurushi kikipotea njiani, fidia hufuata thamani iliyotangazwa. Aliyeandika dola 10 hana pa kudai 200.

Sasa makosa mawili ya mkono, yasiyo na nia mbaya, lakini ndiyo ninayoyakuta zaidi.

La kwanza ni sarafu. Kisanduku cha `Currency` huwa kimejazwa tayari, mara nyingi `USD`. Mtu ana shati la shilingi 5,200 kichwani mwake, anaandika 5200, hatazami pembeni. Ametangaza shati la dola 5,200. Andika kiasi kwa sarafu iliyo kwenye ankara, na uchague sarafu hiyohiyo. Usijibadilishie mwenyewe kuwa shilingi. Forodha ina kiwango chake cha kubadilisha fedha na ndicho kitakachotumika.

La pili ni `Unit Value` na `Total Value`. Ya kwanza ni bei ya kimoja, ya pili ni jumla ya mstari. Una mashati 2 ya dola 20 kila moja. Ukiandika idadi 2 na `Unit Value` 40, mfumo utazidisha na kupata 80. Baada ya kujaza kila mstari, teremka chini uisome jumla. Ikiwa haifanani na jumla ya ankara, kosa limo humo na bado unaweza kulirekebisha.

Nauli ya kusafirisha na bima zina visanduku vyake, `Freight` na `Insurance`. Ziandike huko kama ulivyozilipa, usizichanganye na bei ya bidhaa. Iingie au isiingie nauli kwenye hesabu, hilo ni la afisa kwa mujibu wa sheria, nawe ukiwa umeitenga mapema humpi kazi ya kukisia. Kama muuzaji alisafirisha bure, andika 0 na uhakikishe ankara inasema hivyo.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Mwalimu mmoja wa Kisauni alikuwa na kifurushi chenye laptopu mpya na mashati 2 ya pamba. Nimebadilisha tarakimu ziwe rahisi kufuata. Laptopu iliandikwa dola 450, punguzo 50, akalipa 400. Mashati dola 20 kila moja, jumla 40. Usafirishaji ulikuwa ndani ya bei. Tuseme dola moja ni shilingi 130.

Fomu yake ilikaa hivi:

```
Item 1: Laptop computer, portable, 14 inch, new, lithium battery installed
        Qty 1   Unit Value 400   USD
Item 2: Men's shirt, 100% cotton, woven, new
        Qty 2   Unit Value 20    USD
Freight 0   Insurance 0   Total 440
```

Laptopu iko kwenye 8471.30 na ushuru wa forodha wake katika jedwali la Jumuiya ni asilimia 0. Hilo huwashangaza watu, lakini asilimia 0 ya ushuru si bure kabisa. Kenya ina ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5, tozo ya ujenzi wa reli ambayo ilipandishwa kuwa asilimia 2 mwishoni mwa 2024, na VAT ya asilimia 16. Thamani ni shilingi 52,000. Ada ya tamko ni 1,300, ya reli 1,040, VAT 8,320. Jumla ya laptopu ni 10,660.

Mashati yako ngazi ya juu, asilimia 35, ile iliyowekwa 2022 kwa nguo miongoni mwa bidhaa nyingine. Thamani yake ni 5,200, ushuru 1,820. VAT huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani asilimia 16 ya 7,020, ambayo ni 1,123 na senti kidogo. Ada ya tamko ni 130, ya reli 104. Jumla ya mashati ni kama 3,177.

Kifurushi kizima kinakuja kama shilingi 13,837, bila kuhesabu ada ambayo kampuni ya usafirishaji hutoza kwa kazi ya kukitoa.

Sasa chukua mtu mvivu aliyeandika mstari mmoja, `electronics`, dola 440. Afisa hajui kama ni laptopu, spika au taa. Akikiweka kifurushi chote kwenye ngazi ya asilimia 25, hesabu ni hii: thamani 57,200, ushuru 14,300, VAT ya asilimia 16 ya 71,500 ni 11,440, ada ya tamko 1,430, reli 1,144. Jumla ni 28,314. Ni zaidi ya mara mbili, kwa bidhaa zilezile na thamani ileile. Tofauti ni maneno machache.

Viwango hivi hubadilika, hasa Julai baada ya Sheria ya Fedha kupitishwa, kwa hiyo chukua njia ya hesabu na uangalie viwango vya wakati wako.

Sababu ya kuingiza, na bidhaa zenye mlezi

Kisanduku cha `Purpose` huuliza kama ni matumizi binafsi, zawadi, biashara au sampuli. Jibu la kweli ndilo jepesi kulitetea. Simu 1 ni ya mtu binafsi. Mikoba 12 ya rangi na modeli moja ni biashara, hata ungeandika nini. Kwa biashara, masharti ya ubora wa bidhaa nayo huingia, na mara nyingi utahitaji wakala wa forodha.

Kuna vitu ambavyo fomu ikijazwa vizuri bado haitoshi, kwa kuwa vina idara nyingine inayovilinda. Dawa zina Bodi ya Dawa na Sumu. Mbegu na mimea ziko chini ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Droni zina Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ruhusa hizo ziombwe kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, maana baada ya kufika unaomba huku ada ya bohari inapanda.

Kupakia hati na kutuma

Pakia ankara kama PDF moja inayosomeka. Picha ya simu inafaa ikiwa pembe zote nne zinaonekana na tarakimu hazina ukungu. Ankara ikiwa ya Kichina au Kiarabu, mwombe muuzaji nakala ya Kiingereza, wengi wanayo. Kabla ya kubonyeza `Submit`, linganisha vitu vitatu kwa jicho: jumla ya fomu, jumla ya ankara, kiasi cha benki. Kisha piga picha ya skrini ya ukurasa wa mwisho pamoja na nambari ya kumbukumbu itakayotokea.

Utaletewa makadirio ya ushuru. Usilipe kabla hujayasoma. Tazama mstari kwa mstari: bidhaa imepewa nambari gani, thamani waliyoitumia ni ipi, asilimia ngapi. Ikiwa shati lako limepewa nambari ya koti, au thamani imepandishwa, jibu baruapepe siku hiyohiyo ukitaja mstari wenyewe na kuambatisha ankara na taarifa ya benki. Makosa mengi husahihishwa hapo, kabla ya malipo. Nilishasaidia kurekebisha kadirio ambalo mtu fulani ofisini alikuwa ameongeza sifuri moja, na baruapepe fupi yenye ankara ilitosha.

Wakikataa na bado unaona umeonewa, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha kinakupa siku 30 tangu uamuzi utolewe kumwandikia Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu. Kwa hiyo omba uamuzi kwa maandishi wenye tarehe. Jibu la simu halina tarehe.

Malipo yafanywe kwa nambari ya malipo iliyo kwenye makadirio, au kwa kampuni ya usafirishaji kama ndiyo iliyokulipia kwanza, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Mzigo ukifika mlangoni, dai risiti inayotenga ushuru wa serikali na ada ya kampuni, na nakala ya tamko lenye nambari yake. Weka hati hizo pamoja na ankara. Laptopu ikiharibika na ukitakiwa kuirudisha ng'ambo kutengenezwa, ndizo utakazotumia kuonyesha kwamba ilishalipiwa.